Mauzo yamepanda katikati ya mwaka: nibadilishe makadirio ya kodi au nisubiri ritani?

*"Habari za kazi, mtaalamu. Mimi na kaka yangu tuna kampuni ndogo ya kuuza nyavu, kamba, maboya na taa za dagaa hapa Kirumba, Mwanza. Mwaka wetu wa hesabu ni Januari hadi Desemba. Mwezi Machi tulikadiria faida ya milioni 24, kodi milioni 7.2, na tumelipa 1,800,000 Machi na 1,800,000 Juni. Mwezi Mei tukapata oda ya halmashauri ya milioni 42, wakatukata asilimia 2. Hadi mwisho wa Julai mauzo ni milioni 210. Faida yetu kwenye mauzo ni kama asilimia 20, matumizi milioni 3 kwa mwezi pamoja na rejesho la mkopo wa kirikuu tuliyonunua Januari kwa milioni 12. Lakini hela mkononi hakuna, Julai tumeingiza mzigo mkubwa kutoka Dar. Jirani yangu wa duka anasema nisijisumbue, yeye anakadiriwa na ofisa analipa kidogo tu, na tofauti nitalipa kwenye ritani mwakani. Mwingine kaniambia nikikadiria chini ya asilimia 80 napigwa faini. Nimsikilize nani? Na nikipandisha makadirio halafu biashara ikashuka mwishoni mwa mwaka, hela yangu si itapotelea TRA?"*

Ndugu yangu, huyo wa asilimia 80 ndiye wa kumsikiliza, ingawa kilichopo hapo ni riba zaidi kuliko faini. Jirani yako hakudanganyi, ila hali yake siyo yako. Yeye inaelekea ni mfanyabiashara binafsi mwenye mauzo madogo, na watu wa kundi hilo hutozwa kodi kwa kuangalia mauzo, siyo faida. Ofisa akishajua mauzo yake kwa mwaka, kiwango kipo kwenye jedwali. Utaratibu huo ni wa watu binafsi peke yao. Kampuni, hata iwe na duka la mlango mmoja, inakadiria faida yake yenyewe, inalipa asilimia 30 ya faida hiyo kwa awamu 4, na mwisho wa mwaka inapimwa kwa ukweli wa makadirio yake.

Awamu zenu zinaangukia mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Wengi huchukua makadirio ya Machi, wakagawa kwa 4, wakalipa kiasi kilekile mwaka mzima bila kugeuka nyuma. Sheria haisemi hivyo. Kila awamu inapofika unatakiwa uchukue kodi unayoitarajia kwa mwaka mzima kama unavyoiona siku hiyo, utoe ulichokwisha kulipa pamoja na kodi ya zuio uliyokatwa kwa mapato ya mwaka huo, kama ile asilimia 2 ya halmashauri, kisha ugawe kwa awamu zilizobaki, na ile unayoilipa ikiwemo. Kwa hiyo makadirio ya Machi siyo kiapo. Yanadumu mpaka utakapopeleka mapya na kueleza sababu.

Turudi kwenye daftari lako, maana ndiko kwenye kazi, na kuna mambo 3 ya kunyoosha kabla ya kupiga hesabu yoyote.

La kwanza ni mzigo wa Julai. Unasema hela mkononi hakuna, na naona umeanza kuamini kwamba basi hata faida haipo. Hela haikupotea, imekaa stoo ikiwa nyavu na kamba. Mzigo unaingia kwenye gharama siku unapouzwa, siyo siku lori linaposhusha. Ndiyo maana mhasibu anakuomba stoki ya mwanzo na stoki ya mwisho: gharama ya bidhaa ulizouza ni stoki ya mwanzo, ongeza manunuzi, toa stoki iliyobaki. Usipohesabu stoki mwezi huu, utaona hasara kwenye karatasi, utakadiria kodi ndogo, na Desemba 31 stoo ikihesabiwa faida itaibuka yote kwa mpigo.

La pili ni hiyo asilimia 20. Naomba uihakikishe. Chukua bidhaa kama 10 zinazotoka sana, andika bei ya kununulia ikiwa na nauli ya kutoka Dar, na bei ya kuuzia iliyo kwenye risiti za EFD, siyo bei uliyobandika ukutani. Kamba uliyonunua kwa 40,000 ukaiuza 50,000 imekupa 10,000. Hiyo ni asilimia 25 ya bei ya kununulia, lakini ni asilimia 20 ya mauzo. Ukizidisha mauzo yako kwa 25 umejiongezea faida ambayo haipo, na kodi juu yake. Oda ya halmashauri iangalie peke yake, maana bei za zabuni mara nyingi hubanwa. Kwa jibu hili nitachukua kwamba 20 ni ya mauzo na ni kweli kwa mauzo yote, na kwamba mauzo uliyoyataja ni bila VAT.

La tatu ndilo linalowaangusha wengi: rejesho la mkopo. Kwenye milioni 3 zako za kila mwezi, tuseme 800,000 ni rejesho la kirikuu, na ndani yake 200,000 ni riba na 600,000 ni kupunguza deni lenyewe. Riba ni gharama ya biashara. Ile 600,000 siyo, kwa sababu unarudisha hela ya mtu. Angalia ratiba ya marejesho uliyopewa na benki, mgawanyo huo umeandikwa mwezi kwa mwezi na hubadilika kidogo kidogo, lakini kwa makadirio wastani unatosha. Kwa hiyo matumizi yanayokubalika ni milioni 2.4 kwa mwezi. (Kama humo ndani kuna hela mnazochukua wewe na kaka yako za nyumbani bila kuwa mshahara ulioingizwa kwenye hesabu na kukatwa kodi, zitoe nazo.)

Ila kirikuu hiyohiyo inakurudishia kitu. Magari ya mizigo yanayobeba chini ya tani 7 yako kwenye kundi la uchakavu la asilimia 37.5 kwa mwaka, kwa thamani inayopungua. Kwa gari la milioni 12, mwaka huu wa kwanza unapunguza faida kwa milioni 4.5. Mwakani itakuwa asilimia 37.5 ya 7,500,000 zilizobaki, na kuendelea. Watu wa maduka huweka rejesho lote kwenye matumizi na kuusahau uchakavu, halafu wanadhani makosa hayo 2 yanafutana. Huwa hayafutani sawasawa, na kwako utaona tofauti yake hapo chini.

Sasa mauzo. Njia ya haraka ni kugawa milioni 210 kwa miezi 7 na kuzidisha kwa 12, unapata milioni 360. Usifanye hivyo. Ndani ya 210 kuna oda moja ya milioni 42 ambayo huna hakika itajirudia. Itoe, zinabaki milioni 168, yaani milioni 24 kwa mwezi. Hayo ndiyo mauzo ya duka lako la kawaida. Miezi 5 iliyobaki kwa milioni 24 ni milioni 120. Rudisha oda ya halmashauri, maana ni mapato ya mwaka huu, na mwaka mzima unakuwa milioni 330.

Hapo kwenye wastani wa mwezi, tumia mwezi kamili, usitumie wiki. Wewe unauza vifaa vya dagaa, na unajua kwamba mwezi ukiwa mpevu wavuvi wa taa wanapumzika na wateja wanapungua, giza likirudi kaunta inajaa. Mtu akikadiria kwa wiki 2 za giza anajikuta tajiri wa karatasi. Akikadiria kwa wiki za mbalamwezi anataka kufunga duka. Mwezi mzima unabeba vipindi vyote viwili. Kama una rekodi za mwaka jana, linganisha pia Agosti hadi Desemba ya mwaka jana na Januari hadi Julai yake. Kama huwa inashuka kwa robo, shusha na wewe kwa robo, na uitunze hiyo karatasi.

Hesabu inakaa hivi. Mauzo milioni 330 kwa asilimia 20 ni milioni 66. Toa matumizi ya milioni 2.4 kwa miezi 12, ambayo ni milioni 28.8, zinabaki milioni 37.2. Toa uchakavu wa milioni 4.5, faida ya kutozwa kodi ni milioni 32.7. Asilimia 30 yake ni 9,810,000.

Makadirio yako ya Machi yalikuwa 7,200,000. Hiyo ni kama asilimia 73 ya 9,810,000. Uko chini ya mstari wa asilimia 80.

Sasa angalia ungefikia wapi kwa daftari lako lilivyo. Milioni 66, toa milioni 36 za matumizi (milioni 3 kwa miezi 12, rejesho lote likiwemo, bila uchakavu), ungepata faida ya milioni 30 na kodi ya milioni 9. Na 7.2 juu ya 9 ni asilimia 80 kamili. Ungejiambia uko salama kabisa, ukaendelea kulipa 1,800,000, ukaja kushtuka mwakani mhasibu akitoa marejesho kwenye gharama.

Kuhusu mstari wenyewe. Makadirio uliyotumia kulipia awamu yakiwa chini ya asilimia 80 ya kodi sahihi ya mwaka, TRA inakuhesabia kana kwamba ungelipa awamu sahihi tangu mwanzo. Pengo kati ya ulichotakiwa kuwa umelipa na ulicholipa kweli linatozwa riba kwa kila mwezi au sehemu ya mwezi, kuanzia tarehe ya awamu ya kwanza hadi tarehe ya kuwasilisha ritani, na riba hiyo inajilimbikiza. Kiwango chake kinafuata kiwango cha Benki Kuu, kwa hiyo si kilekile miaka yote. Ili tuone ukubwa wa jambo, tuchukulie asilimia 1 kwa mwezi na tusahau mlimbikizo. Ukikaa kimya na kulipa 1,800,000 mara 4, riba yako mpaka Juni mwakani itakuwa kama 200,000. Ukibadilisha makadirio sasa na kulipa awamu ya Septemba kwa hesabu mpya, inaweza kubaki kama 65,000, kwa sababu ya pengo la Machi na Juni ambalo lilikwishatokea.

Nitakuwa mkweli: 200,000 haiui kampuni yenye mauzo ya milioni 330. Na ukibaki juu ya asilimia 80, sheria inakuachia hiyo tofauti uilipe kwenye ritani bila riba ya kukadiria chini. Kwa hiyo kukisia chini kidogo siyo dhambi. Kinachoumiza ni tarehe. Ritani ya mwisho ya mwaka wenu inatakiwa ndani ya miezi 6 baada ya mwaka kuisha, yaani Juni 30. Siku hiyohiyo ndiyo awamu ya pili ya mwaka mpya. Ukifuata ushauri wa jirani, Juni 30 utadaiwa tofauti ya 1,770,000 (9,810,000 toa 7,200,000 ulizolipa na 840,000 za zuio), riba yake, na juu yake awamu ya mwaka mpya ambayo kwa biashara ya ukubwa huu ni zaidi ya milioni 2. Mnajikuta mnatafuta milioni 4 na ushei ndani ya wiki moja, na mkichelewa kuilipa inaanza riba nyingine ya kuchelewa. Hapo ndipo watu huuza stoki kwa bei ya kutupa.

Kwa hiyo, kabla ya Septemba 30, fanya hivi. Kodi ya mwaka kwa makadirio mapya ni 9,810,000. Ulicholipa ni 1,800,000 mara 2, jumla 3,600,000. Ongeza kodi ya zuio: asilimia 2 ya milioni 42 ni 840,000. Jumla 4,440,000. Zinabaki 5,370,000 kwa awamu 2, yaani 2,685,000 Septemba na 2,685,000 Desemba.

Hiyo 840,000 usiichezee. Ni hela yako iliyokwisha ingia kwa jina la kampuni, na ungeweza kuanza kuitumia tangu awamu ya Juni. Lakini inahesabika tu kama una cheti cha kodi ya zuio chenye TIN ya kampuni. Nimeona mara nyingi cheti kikitoka kwa TIN ya mkurugenzi binafsi, kwa sababu zabuni iliombwa kwa jina lake au karani aliandika namba aliyoizoea. Nenda kwa mhasibu wa halmashauri wiki hii, chukua cheti, soma namba moja moja. Kukirekebisha Agosti ni suala la dakika. Kukirekebisha Juni mwakani, wakati aliyekitoa ameshahamishwa, ni shughuli.

Makadirio mapya unayapeleka kwa njia ileile uliyotumia Machi, kwenye akaunti ya kampuni ya mfumo wa TRA, ukichagua kwamba ni marekebisho, kisha unatoa namba ya malipo kwa kiasi kipya. Kosa la kawaida ni mtu kulipa tu kiasi kikubwa zaidi bila kubadilisha makadirio yenyewe. Mfumo unaendelea kuona 7,200,000 kama neno lako, na ziada inakaa kama malipo yasiyo na maelezo. Sehemu ya sababu iandike kwa ufupi na kwa namba, mfano: "Mauzo ya Januari hadi Julai yamezidi makadirio ya awali, ikiwemo zabuni moja ya halmashauri ya shilingi milioni 42. Faida inayokadiriwa imebadilika kutoka milioni 24 hadi milioni 32.7." Inatosha. Karatasi ya hesabu iliyokufikisha hapo ihifadhi pamoja na ratiba ya mkopo na orodha ya stoki. Ikija siku ya kuulizwa, karatasi yenye tarehe ya Septemba inasema zaidi kuliko maelezo ya mdomo.

Na ukishapandisha halafu biashara ikashuka? Unashusha. Tuseme Oktoba hadi Desemba mauzo yanapungua kwa jumla ya milioni 15. Faida inapungua kwa milioni 3, inakuwa milioni 29.7, na kodi inakuwa 8,910,000. Kufikia hapo utakuwa umelipa 4,440,000 na 2,685,000 za Septemba, jumla 7,125,000. Awamu ya Desemba inakuwa 1,785,000 badala ya 2,685,000. Unapeleka marekebisho mengine kabla ya Desemba 31, na sababu yake. Awamu ya mwisho ndiyo inayobeba marekebisho yote, kwa hiyo jipangie kupiga hesabu upya katikati ya Desemba, stoo ikiwa imehesabiwa.

Hofu yako ya hela kukaa TRA ina msingi kidogo. Ukilipa zaidi ya kodi ya mwaka, ziada ni haki yako, lakini kurudishiwa taslimu kunahitaji maombi na uhakiki na huchukua muda. Wengi huomba ipunguzwe kwenye kodi nyingine wanayodaiwa. Ndiyo sababu nilikukataza ile hesabu ya milioni 360: ingekupa kodi ya 11,610,000, na ungeweka karibu milioni 1.8 mahali ambapo haikuletei mzigo. Lenga namba unayoiamini. Ukitaka nafasi ya kupumua, kadiria kama asilimia 90 ya unachokiona, usiende chini ya hapo, kwa sababu asilimia 80 inapimwa na kodi itakayopatikana mwishoni, siyo na kodi unayoifikiria leo. Oda nyingine ya Novemba inaweza kukushusha chini ya mstari bila wewe kujua.

Jambo moja ambalo hukuuliza: kama hela ya Septemba haitatosha, bado peleka makadirio sahihi na ulipe uwezacho kwa tarehe, kisha uende ofisi ya TRA ya mkoa kuomba kwa maandishi kulipa kilichobaki kwa mafungu. Riba ya kuchelewa itahesabiwa kwenye kilichobaki tu. Kutopeleka kabisa ndiko kubaya, kwa sababu Kamishna ana mamlaka ya kukukadiria yeye, na kwa kushindwa kuwasilisha ritani au kulipa kuna adhabu ya kila mwezi isiyopungua asilimia 2.5 ya kodi ambayo haijalipwa, mbali na riba.

Hesabu za leo unaweza kuzifanya mwenyewe na kaka yako kwa jioni moja. Mtafute mhasibu aliyesajiliwa NBAA au mshauri wa kodi aliyesajiliwa na TRA, akae nanyi dukani, iwapo mojawapo ya haya lipo: hamjawahi kuhesabu stoki tangu Januari, mlianza mwaka na hasara ya miaka iliyopita, mkopo umeandikwa kwa jina la mmoja wenu na siyo la kampuni, au cheti cha halmashauri kina TIN isiyo ya kampuni. Hilo la mkopo liulize kwanza, maana kama kirikuu ina kadi ya jina la kaka yako, ule uchakavu wa milioni 4.5 na ile riba ya mkopo vyote vinaweza kukataliwa, na kodi yako siyo tena 9,810,000.